Kushusha pampu ya kilo 240 kwa kamba iliyozungushwa nguzoni: mizunguko mingapi inatosha?

Kigingi
Wakuu habari zenu. Nina pampu ya chuma ya kilo 240, inatakiwa iteremke kwenye shimo la mita 6. Juu ya shimo nimesimamisha magogo matatu yaliyofungwa vichwani, nikaning'iniza kapi. Kando kuna nguzo ya mti iliyochimbiwa vizuri, unene wa kama sentimita 25, gome limeshatolewa. Kamba ni ya katani, nene kama kidole gumba, mpya.

Mpango ni kupitisha kamba kwenye kapi, kuizungusha kwenye nguzo, kisha watu wawili washike mkia na kuachia kidogo kidogo. Fundi mmoja kasema mzunguko mmoja unatosha kwa watu wawili wenye nguvu. Mwingine kasema mitatu, la sivyo kamba itawaponyoka. Nani yuko sahihi? Na kwa nini tofauti ya mizunguko miwili iwe jambo kubwa hivyo?

MzeeWaGati
Mimi nimefanya kazi ya kamba za meli miaka mingi. Msikilize wa mitatu. Mzunguko mmoja kwa kilo 240 ni kuwachoma hao vijana viganja. Anza na mitatu, mzigo ukigoma kushuka isukume kamba kidogo kidogo iingie nguzoni. Kuongeza mzunguko mzigo ukiwa unaning'inia ni rahisi, unatembea na mkia kuizunguka nguzo. Kupunguza ndiko kunakoua.

NguzoNene
Mimi naona mnajisumbua na idadi. Cha msingi ni unene wa nguzo. Nguzo nene inagusana na kamba sehemu kubwa zaidi, kwa hiyo msuguano unakuwa mkubwa. Tafuta gogo la sentimita 50, mzunguko mmoja utafanya kazi ya miwili.

DadaKisima
Afadhali umeleta uzi huu. Mimi nina kisima, nachota kwa ndoo ya kilo 20 na mikono inauma. Kumbe nikizungusha kamba mara mbili kwenye lile gogo la juu ndoo itakuwa nyepesi? Nijaribu kesho?

MwlDuara
Dada, usijaribu. Msuguano haujui kusaidia upande mmoja tu, siku zote unapinga mwendo. Mzigo ukiteremka, msuguano uko upande wa mshikaji. Mzigo ukipanda, msuguano unakuwa upande wa mzigo. Gogo lisilozunguka, hata kamba ikipita juu yake nusu mzunguko tu, ndoo ya kilo 20 inaweza kukudai uvute kama kilo 44. Ukiongeza mizunguko miwili hutaiinua kabisa. Wewe unahitaji kapi, au gogo lenyewe lizunguke kwa mpini. Hapo mambo yanageuka, kwa sababu uso wa gogo ndio unaoikokota kamba.

Kigingi, swali lako la pili ndilo zuri. Tofauti ni kubwa kwa sababu mizunguko haijumlishi, inazidisha. Chukua kipande kidogo cha kamba kilicholala kwenye nguzo. Kinachokigandamiza nguzoni ni mvuto uliomo ndani ya kamba yenyewe pale kilipo. Mvuto ukiwa mdogo, kinagandamizwa kidogo na msuguano wake ni mdogo. Kipande kinachofuata kuelekea kwenye mzigo kinaanza na mvuto ule ulioongezeka, kwa hiyo kinagandamizwa zaidi na kinaongeza zaidi. Inaendelea hivyo kuzunguka nguzo nzima. Kwa maandishi:

```
T_mzigo = T_mkono × e^(μθ)
```

μ ni jinsi kamba yako na nguzo yako zinavyokamatana, na θ ni pembe yote ambayo kamba imezunguka, kwa radiani. Mzunguko mmoja ni 6.28. Hii ndiyo fomula ya Euler na Eytelwein. Kwa katani kwenye mti mkavu, tuseme μ ni 0.25 kwa kuanzia. Mzunguko mmoja unazidisha mvuto wa mkono kama mara 4.8. Miwili, kama mara 23. Mitatu, kama mara 111.

Sasa gawanya kilo 240. Kwa mzunguko mmoja mtashika kilo 50 zinazokimbia. Kwa miwili, kama kilo 10. Kwa mitatu, kama kilo 2. Ndiyo maana mafundi wako hawakubaliani.

NguzoNene
Mbona unene haumo kwenye fomula yako? Hiyo haiwezekani. Mguso mkubwa ni msuguano mkubwa, kila mtu anajua.

MwlDuara
Mguso unaongezeka kweli, hapo huna kosa. Ila kuna kitu kingine kinachopungua kwa kiasi kile kile. Kamba ikipinda kwenye nguzo nyembamba inajikita kwa nguvu, kila sentimita inagandamizwa sana. Kwenye nguzo nene mpindo ni wa taratibu, kila sentimita inagandamizwa kidogo. Unene ukiwa mara mbili, urefu wa kamba inayogusa ni mara mbili, lakini kila sentimita inagandamizwa nusu. Vinafutana, inabaki pembe peke yake. Nguzo ya sentimita 50 kwa mzunguko mmoja itatoa kile kile cha sentimita 25.

NguzoNene
Basi niambie kwa nini nguzo za gati ni nene vile.

MzeeWaGati
Kwa sababu zinavutwa na meli, zikiwa nyembamba zinapinda. Na kamba ikikunjwa kwenye kitu chembamba nyuzi za nje zinakatika mapema. Unene unaiponya kamba na nguzo yenyewe. Kushika ni habari ya mizunguko.

MwlDuara
Hapo Mzee amemaliza. Niongeze moja tu kwa NguzoNene: unene una faida pia kwenye joto, kwa sababu linasambaa kwenye uso mpana zaidi. Kwa hiyo sikatai nguzo nene. Nakataa kuitumia kama sababu ya kupunguza mizunguko.

Kigingi
Nimeelewa kuzidisha. Lakini hiyo 0.25 umeitoa wapi? Ikiwa nguzo yangu ni laini kuliko unavyodhani, hesabu yote si inaanguka?

MwlDuara
Inaanguka kabisa, na ndipo watu wanapoumia. Angalia: μ ikiwa 0.15 badala ya 0.25, mizunguko miwili inatoa kama mara 6.6 tu badala ya 23. Kilo 10 zako zinakuwa 36. Kosa dogo kwenye μ linazidishwa nalo, na kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo kosa linavyokua. Kwa hiyo usiiamini namba yangu, pima yako. Huhitaji kifaa chochote cha maabara.

Tafuta kipande kilichobaki cha gogo lile lile, kilaze mlalo juu ya vitu viwili imara na ukifunge kisizunguke. Pitisha kamba yako hiyo hiyo juu yake, ining'inie pande zote mbili. Huo ni nusu mzunguko. Upande mmoja ning'iniza ndoo nzito, upande wa pili ndoo nyingine. Anza zikiwa karibu sawa, kisha punguza maji kwenye ile nyepesi kidogo kidogo hadi nzito ianze kuteremka. Pima zote mbili, pamoja na ndoo zenyewe. Gawanya nzito kwa nyepesi, hiyo ni namba ya nusu mzunguko. Izidishe kwa yenyewe, umepata ya mzunguko mzima.

Rudia mara kadhaa mahali pale pale kwenye gogo. Na uangalie mzigo unapoteremka polepole mfululizo, usichukue ule wakati wa kung'ang'ania kabla haujaanza kusogea. Kamba iliyotulia inashika zaidi kuliko inayoteleza, na wewe unashusha, kwa hiyo unataka namba ya kuteleza.

MkataMagogo
Naomba niingilie kwenye joto, maana limeguswa kidogo. Kazi yangu ni kukata miti mikubwa kwa vipande na kushusha matawi kwa kamba. Niliwahi kutumia kamba ya plastiki, ile ya bei rahisi inayoelea majini, kwenye bomba la chuma. Mizunguko ilikuwa inatosha, mshikaji alikuwa na nguvu. Tukashusha kipande kizito kwa haraka. Kati ya safari kamba ikaanza kukimbia yenyewe. Tulipoikagua, upande uliogusa bomba ulikuwa umeng'aa na kuwa mgumu, nyuzi zimeshikamana kama zimepigwa pasi. Haikukatika, iliyeyuka ngozi ya juu na ikawa inateleza.

Kwa hiyo Kigingi, hata mizunguko ikitosha, kasi inaweza kukuharibia hesabu katikati ya kazi.

MwlDuara
Ushuhuda muhimu sana. Kamba hizo za polipropilini zinayeyuka karibu nyuzi joto 160, na zinalainika kabla ya hapo. Nailoni huvumilia zaidi ya 200. Katani haiyeyuki, inaungua na kuwa nyeusi, na unainusa mapema.

Joto linatoka wapi? Mzigo unaposhuka polepole, karibu nishati yote ya kushuka kwake inaishia kwenye msuguano. Pampu ya Kigingi: 240 × 9.81 × 6 ni kama jouli 14,000. Si nyingi, zingetosha kuchemsha maji ya vijiko vichache. Lakini hazigawanyiki sawa. Kwenye mizunguko miwili, mvuto unaanza 240 upande wa mzigo, baada ya mzunguko mmoja umebaki 50, baada ya wa pili 10. Yaani kilo 190 kati ya 230 zinamezwa na mzunguko wa kwanza kutoka kwenye mzigo. Joto na ulaji wa kamba vinafuata mgawanyo huo huo. Ukitaka kukagua nguzo baada ya kazi, angalia pale kamba inapoingilia kutoka kwenye kapi, ndipo mti utakapokuwa umebadilika rangi.

Na mti haupitishi joto vizuri, linabaki usoni. Kamba inasogea kwa hiyo kila kipande chake kinapata joto kidogo, ila ule mstari kwenye nguzo unapokea muda wote. Shusheni nusu mita, simameni, halafu mwendelee.

Kigingi
Nimefanya kipimo cha ndoo. Ndoo nzito ilikuwa kilo 12. Mara za mwanzo ilianza kuteremka nyepesi ikiwa kilo 5. Baada ya kurudia mahali pale pale gogo likalainika, ndoo nzito ikaanza kuteremka nyepesi ikiwa kilo 5.5. Baada ya hapo namba haikubadilika tena. Nichukue ipi?

Halafu nikajiuliza: nikizungusha mara tano, kuna haja ya mtu kushika?

MwlDuara
Chukua ya 5.5, kwa sababu nguzo italainika vivyo hivyo wakati wa kazi. 12 ÷ 5.5 ni 2.18. Mzunguko mzima ni 4.76. Uko karibu sana na makisio yangu, lakini sasa ni namba yako. Miwili ni kama 22.7, mshike kilo 10.6. Mitatu ni kama 108, mshike kilo 2.2.

Kuhusu mitano: kwa fomula, mkono ukiwa sifuri mzigo unaoshikiliwa ni sifuri, hata uzungushe mara mia. Lakini mkia wa kamba unaoning'inia nao una uzito. Kwa mizunguko mitano unazidisha mara 2,400 na ushee, kwa hiyo gramu 100 za mkia zinatosha kushikilia pampu yako. Ndiyo maana watu huona kamba inashika bila mtu na kudhani imefungwa. Haijafungwa. Kamba ngumu mpya ina tabia ya kujifungua, mkia ukilegea kwa kutikiswa tu, ule mvuto mdogo wa mwanzo unapotea na yote yaliyojengwa juu yake yanaondoka nao. Ukitaka kupumzika, funga mkia kwenye kigingi.

Kingine ambacho wengi hawakihesabu ni mahali anaposimama mshikaji. Ukisema miwili, nachukulia kamba inaingia kutoka kwenye kapi na kutoka kuelekea upande ule ule ilikokuwa inakwenda, mshikaji yuko nyuma ya nguzo. Akihama akasimama pembeni, ameongeza au amepunguza robo mzunguko. Robo kwako inazidisha kama mara 1.48. Kilo 10.6 inakuwa 7.2 akihamia upande mmoja, na karibu 16 akihamia upande wa pili. Mfundishe atembee kuelekea upande gani akitaka breki. Ni njia nzuri kuliko kuvuta kwa nguvu.

MzeeWaGati
Mimi nashauri hivi. Pampu ikiwa bado imekalia mbao juu ya mdomo wa shimo, zungusha mitatu. Inyanyueni kidogo kwa wenzo, mbao zitoke, mzigo ukae kwenye kamba. Mkishaona kamba inashika ndipo muanze kuilegeza. Kwa mitatu mtalazimika kuisukuma kamba iingie kwenye nguzo, haitakwenda yenyewe. Hiyo ni sawa. Kuisukuma kwa mita 6 hakuchoshi mtu.

MkataMagogo
Mzee, hapo natofautiana kidogo. Kamba ya kusukuma inashuka kwa kushtuka. Inagoma, unasukuma, inaruka ghafla, inagoma tena. Kila ikiruka magogo matatu yanapata kishindo. Mimi ningetumia miwili na robo, watu wawili wakishika kilo 7 au 8 bila taabu, na mwendo unakuwa laini. Mtu wa tatu akae tayari kuongeza mzunguko.

MzeeWaGati
Kwa watu waliozoea, sawa. Hawa mara yao ya kwanza. Kushtuka sentimita mbili naweza kukuvumilia, kuponyokwa siwezi.

Kigingi
Nitajaribu yote mawili kwanza na gunia la mchanga. Kuna jingine la kuangalia?

MzeeWaGati
Mizunguko isipandane. Mzunguko wa upande wa mzigo uwe chini kabisa ya nguzo, unaofuata ukae juu yake bega kwa bega, mkia utokee juu. Kamba ya mzigo ikipanda juu ya mwenzake inambana, na hapo hamshushi wala hampandishi. Utaijua mapema: mkia unalegea mikononi lakini mzigo hausogei. Ukiona hivyo usitikise. Fungeni mkia, uchukueni mzigo kwa kamba ya pili, ndipo mfungue.

MwlDuara
Na hapo ndipo kapi lako la juu linaleta tatizo. Kamba ikitoka juu moja kwa moja hadi nguzoni inaingia kwa mteremko, na nguzo imesimama wima, kwa hiyo mzunguko wa mzigo utataka kupanda juu ya wenzake. Tena itayavuta magogo upande wa nguzo. Weka kapi la pili chini, karibu na mguu wa gogo mojawapo, lifungwe kwenye kigingi chake lenyewe na si kwenye mguu. Kamba ishuke hadi hapo, kisha iende nguzoni ikiwa mlalo, karibu na ardhi.

Ujue tu kwamba kapi la juu litabeba karibu mara mbili ya pampu: kilo 240 za mzigo na karibu nyingine 240 za kamba inayorudi chini. Magogo na fundo la juu viwe vya kubeba 500 na akiba juu yake. Kigingi cha kapi la chini nacho kinavutwa kama kilo 340, kwenda juu na kuelekea nguzoni. Nguzo itavutwa kama 240.

NguzoNene
Nauliza kwa nia njema. Kamba ikilowa je? Shimo lina maji chini.

MzeeWaGati
Ikilowa inateleza. Ongeza mzunguko.

MkataMagogo
Si katani. Katani ikilowa inavimba na kuuma mti. Mimi nimeona inashika zaidi, hadi inagoma.

MzeeWaGati
Wewe unasema ya mvua safi. Mimi nasema ya tope, mafuta na ukijani wa majini.

Kigingi
Nimelowesha kamba kwa maji safi nikarudia kipimo. Kilo 12 zilianza kuteremka kwenye 4.8, kwa hiyo imeshika zaidi kidogo kuliko kavu. Lakini udongo wa shimo langu ni mfinyanzi na sijaupima. Naenda kuipaka kamba tope la humo humo nione.

MwlDuara
Fanya hivyo, na kipimo kibaya kuliko vyote ndicho uhesabie mizunguko. Ingawa kwako kamba inayofika nguzoni ni ile ya upande wa mkia, haijaingia shimoni bado. Tope litakuwa tatizo siku ya kuitoa pampu.

Kigingi
Matokeo ya tope: 12 iliteremka kwenye 7.5. Nusu mzunguko ni 1.6, mzima 2.56. Miwili inazidisha mara 6.5 tu, ningeshika kilo 37! Kwa mitatu karibu 17, mshike kilo 14. Nimeagiza mkia wa kamba ulazwe juu ya turubai, usiguse ardhi kabisa. Gunia la mchanga tunashusha kesho asubuhi, kwa mitatu kwanza.

MzeeWaGati
Na vijana wasivae kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi. Washike kwa viganja, wawe na glavu za ngozi, na asiwepo mtu aliyesimama ndani ya mkunjo wa kamba iliyolala chini.

DadaKisima
Kigingi, hilo kapi la chini ukishamaliza kazi nalo naomba uniambie ni la aina gani, kwangu nimeamua kuachana na lile gogo.